Cheti cha riba ya mkopo wa nyumba: namna ya kukiomba benki na kukikagua kabla ya kukipeleka KRA

Kazi yangu ni kuandaa mishahara. Kila Januari, watoto wakiwa bado hawajarudi shule, meza yangu hujaa karatasi za benki za wenzangu wanaolipia nyumba. Nyingi hunibidi kuzirudisha. Si za kughushi; ni karatasi halali za benki, ila ni za akaunti nyingine au zinajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Mwenyewe amepanga foleni, amepoteza nusu siku, na sasa namwambia arudi tena. Nimeyaandika haya ili safari hiyo ya pili isiwepo.

Ninaongea juu ya Kenya, na juu ya mtu aliyekopa benki ili anunue au aboreshe nyumba anayokaa mwenyewe. Sheria ya Ushuru wa Mapato inamruhusu kuondoa riba ya mkopo huo katika kipato chake kabla ushuru haujapigwa. Kikomo kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka, yaani 25,000 kwa mwezi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 kimepandishwa hadi 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi. Kwa hiyo anayerekebisha ritani za miaka ya nyuma asichukue kikomo kipya akakibandika kwenye mwaka wa zamani.

Angalia vizuri: kinachoondolewa ni kipato, si ushuru wenyewe. Riba ya shilingi 30,000 haikurudishii 30,000. Kama mshahara wako unaotozwa ushuru uko kati ya shilingi 32,333 na 500,000 kwa mwezi, sehemu hiyo ya juu hukatwa asilimia 30, basi riba ya 30,000 ikiondoka yote katika sehemu hiyo inakuokolea 9,000. Kwa mwaka mzima ni 108,000.

Na kama nyumba umeipangisha, cheti hiki hakitakusaidia katika ushuru wa pango wa kila mwezi. Ushuru huo, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, unapigwa kwenye pango lote bila kuondoa gharama yoyote, riba ikiwemo. Kila mwaka kuna mtu anayekaa Bamburi kwenye nyumba ya kupanga, nyumba yake ya mkopo iko Syokimau na ina mpangaji, naye ananiletea cheti. Ninamrudishia kwa heshima.

Karatasi gani hasa?

Mkopo wa nyumba huwa na akaunti mbili. Moja ni ile ya kawaida, ambako mshahara unaingia na malipo ya kila mwezi yanakatwa. Ya pili ni akaunti ya mkopo wenyewe, yenye nambari yake, ambayo watu wengi hawajawahi kuiona kwa sababu haina kadi wala hawaitumii kwenye simu. Ukimwambia karani wa kaunta "nipe stetimenti yangu ya mwaka", atakupa ya akaunti ya kwanza. Humo utaona shilingi 40,000 zimetoka kila mwezi, basi. Haisemi ngapi zimeenda kwenye riba na ngapi zimepunguza deni.

Unazohitaji ni karatasi mbili pamoja. Ya kwanza ni cheti cha riba, ambacho kwa kawaida ni ukurasa mmoja wenye nembo ya benki, unaotaja riba ya mwaka fulani kwa jumla. Ya pili ni stetimenti ya akaunti ya mkopo kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba, yenye kila mstari. Hii si tabia yangu ya kupenda makaratasi. Fomu ya P9 yenyewe, ile ambayo mwajiri hukupa mwisho wa mwaka, ina maelezo upande wa chini yanayotaka nakala ya cheti cha riba na stetimenti kutoka kwa taasisi iliyokopesha, pamoja na tamko lililotiwa sahihi na mfanyakazi. Hapo hapo inauliza jina la taasisi, nambari ya ardhi ya nyumba unayokaa, na tarehe uliyohamia.

Swali hilo la tarehe ya kuhamia watu hulipita haraka. Kama ulichukua mkopo Januari ukahamia Juni, cheti cha benki kitataja riba ya miezi yote kumi na miwili, kwa sababu benki haijui ulilala wapi. Sheria inazungumzia nyumba unayoikalia. Miezi ya kabla ya kuhamia ni jukumu lako kuiondoa, na ndiyo sababu nyingine ya kuhitaji stetimenti yenye mwezi mmoja mmoja.

Kabla hujaandika barua

Subiri mwaka ufunge. Riba ya Desemba kwa kawaida huingizwa siku za mwisho za mwezi, na ukiomba tarehe 15 Desemba ili "usichelewe" utapewa cheti kinachoishia Novemba. Mimi huwaambia wenzangu waombe kuanzia wiki ya pili ya Januari. Pia tafuta kwenye barua pepe yako kwanza. Baadhi ya benki huvituma vyeti hivi zenyewe mwanzoni mwa mwaka, vikaishia kwenye taka za barua pepe.

Tafuta nambari ya akaunti ya mkopo. Iko kwenye barua ya ofa uliyotia sahihi siku ya kukopa, na mara nyingi hujitokeza kwenye maelezo ya makato ya kila mwezi katika stetimenti yako ya kawaida. Ukishaipata, iandike mahali. Ndiyo itakayoingia pia kwenye ritani.

Kisha jua unamwandikia nani. Tawi lililo karibu na nyumbani kwako laweza kuwa halina uwezo wa kutoa cheti hiki. Mikopo ya nyumba mara nyingi inashughulikiwa na kitengo kimoja makao makuu, na tawi kazi yake ni kupeleka ombi. Afisa aliyekushughulikia siku ya kukopa ndiye wa kuanzia, akiwa bado yupo. Kama hayupo, tuma kwa anwani ya huduma kwa wateja na nakala kwa tawi lenye mkopo. Tuma kutoka kwa barua pepe ile ile iliyosajiliwa benki. Ombi likitoka anwani nyingine litakaa, kwa kuwa hawaruhusiwi kutoa habari za deni la mtu kwa anwani wasiyoijua, na mara nyingine hawakuambii kwamba ndicho kilicholikwamisha.

Ombi lenyewe

Kwenye mada ya barua pepe andika `Interest Certificate 2025` kisha nambari ya akaunti ya mkopo. Maneno hayo ndiyo ambayo wafanyakazi wa benki wanayatafuta kwenye mfumo wao, na yanaelekeza barua kwenye kitengo chake bila kuzunguka. Mwilini, jambo la maana ni kutaja kila kitu unachotaka kionekane, kwa sababu benki ina fomu yake na fomu hiyo huacha mambo. Huu ni mfano, ubadilishe upendavyo:

> Kwa Afisa wa Mikopo ya Nyumba,
>
> Mimi ni mteja wenu mwenye mkopo wa nyumba, akaunti ya mkopo nambari ……, jina kamili ……, nambari ya kitambulisho ……, PIN ya KRA …….
>
> Naomba cheti cha riba cha kipindi cha tarehe 1 Januari 2025 hadi 31 Desemba 2025, kikionyesha: jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la benki na PIN yake ya KRA, kiasi nilichokopeshwa mwanzo, madhumuni ya mkopo na nambari ya ardhi ya nyumba, salio la mkopo tarehe 31 Desemba 2025, riba iliyotozwa katika kipindi hicho, na riba niliyoilipa katika kipindi hicho. Faini na ada naomba ziandikwe kando na riba.
>
> Pamoja nacho naomba stetimenti ya akaunti hiyo ya mkopo ya kipindi hicho hicho.
>
> Nahitaji hati hizi kwa ajili ya mwajiri wangu na ritani ya ushuru. Ikiwa kuna ada, tafadhali nijulisheni kiasi kabla ya kukata.
>
> Ahsante.

Kwa nini PIN ya benki? Kwa sababu sehemu ya riba ya nyumba kwenye ritani ya iTax inakutaka uingize PIN ya aliyekukopesha, jina lake, nambari ya akaunti ya mkopo, kiasi ulichokopa, salio na riba uliyolipa. Ukikosa PIN hiyo usiku wa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, benki zimefungwa. PIN ya kampuni huanza na herufi P, ya mtu binafsi huanza na A. Nimewahi kuona cheti ambacho mahali pa PIN ya benki paliwekwa PIN ya mteja. Ikiwa inaanza na A, si ya benki.

Na madhumuni ya mkopo? Hapa ndipo mikopo ya kawaida ya mshahara inapokwama. Mtu alikopa bila dhamana, akanunua mabati na saruji, na nyumba kweli ikaboreshwa. Lakini kwenye vitabu vya benki huo ni mkopo wa matumizi ya binafsi, na cheti kitasema hivyo. Afisa wa ushuru akiuliza, itabidi uthibitishe kwa risiti na barua nyingine kwamba pesa ziliingia kwenye nyumba. Cheti kinachosema wazi "mkopo wa kununua nyumba, nambari ya ardhi fulani" kinakuepusha na mazungumzo hayo.

Ada hutofautiana. Orodha ya ada za benki huwa ukutani tawini na kwenye tovuti. Isome kabla ya kukubali kukatwa. Nakala ya pili ya hati ile ile mara nyingi ndiyo inayolipiwa, basi ya kwanza itunze.

Wanandoa waliokopa pamoja waombe majina yote mawili yaandikwe. Wapatane mapema nani anaidai riba, kwani shilingi ile ile haiwezi kuondolewa mara mbili, kwa mume na kwa mke.

Ikinyamaziwa

Wiki ikipita, usitume ombi jipya. Jibu juu ya lile lile la mwanzo ili tarehe ibaki ikionekana, na uombe nambari ya kumbukumbu ya malalamiko. Baada ya hapo mwandikie meneja wa tawi, ukimwambia kwa ufupi ombi lilitumwa lini na nani alilipokea. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata habari zako ambazo taasisi inazo, na kuitaja kwenye barua huharakisha mambo kidogo. Lakini ujue mpaka wake: haki hiyo inakupatia data, yaani stetimenti. Haimlazimishi mtu kukutengenezea cheti chenye mpangilio unaoutaka. Hatua ya mwisho ni kuwasilisha malalamiko Benki Kuu ya Kenya, ukiwa umebeba ile nambari ya kumbukumbu. Mimi sijawahi kuona mwenzangu akifika huko kwa sababu ya cheti. Barua ya pili kwa meneja ndiyo humaliza.

Kikija, kikague

Hapa ndipo ningependa ukae kidogo, maana cheti kikosefu kinafanana kabisa na cheti sahihi. Kina nembo, muhuri na sahihi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa Kilifi alianza mwaka 2025 akiwa na deni la shilingi 3,000,000. Riba ni asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia 1 kwa mwezi, na tuseme haikubadilika mwaka mzima. Analipa 40,000 kila tarehe 28. Januari riba yake ni asilimia 1 ya 3,000,000, ambayo ni 30,000. Zinazobaki 10,000 zinapunguza deni hadi 2,990,000. Februari riba inakuwa 29,900 na deni linapungua kwa 10,100. Inaendelea hivyo, riba ikishuka kidogo kidogo.

Desemba mshahara ulichelewa. Tarehe 28 akaunti haikuwa na pesa, makato yakagonga mwamba, benki ikaweka faini ya 1,500, na malipo yakafanyika tarehe 6 Januari 2026. Kwa hiyo ndani ya mwaka 2025 alilipa mara kumi na moja, jumla 440,000.

Cheti kilipokuja kilisema: riba ya mwaka 2025, shilingi 353,175. Basi, nambari moja tu. Anayeangalia kwa haraka atafurahi, kwa kuwa iko chini ya 360,000 na yote inaondoleka.

Jaribio la kwanza ni la kuona kama stetimenti inajumlika:

```
salio la mwanzo + riba iliyotozwa + ada na faini - malipo = salio la mwisho
3,000,000 + 353,175 + 1,500 - 440,000 = 2,914,675
```

Stetimenti ya mwalimu ilionyesha salio la 2,914,675 tarehe 31 Desemba, kwa hiyo hakuna mstari uliopotea. Kumbe basi 353,175 ni riba iliyotozwa, pamoja na ya Desemba ambayo bado haikuwa imelipwa. Jaribio la pili linatafuta iliyolipwa. Chukua malipo yote ya mwaka, toa kiasi ambacho deni lenyewe limepungua, toa na faini yoyote iliyolipwa humo. Malipo kumi na moja yalipunguza deni kutoka 3,000,000 hadi 2,884,332, yaani kwa 115,668. Faini ya Desemba ilikuwa bado haijalipwa.

```
440,000 - 115,668 = 324,332
```

Tofauti ya 353,175 na 324,332 ni 28,843, nayo ni asilimia 1 ya deni la 2,884,332, yaani riba ya Desemba kamili. Mambo yamekubaliana.

Atumie ipi? Ritani inauliza riba iliyolipwa, kwa hiyo 324,332 ndiyo ya mwaka 2025. Ile 28,843 haijapotea. Aliilipa Januari 2026, itahesabiwa katika malipo ya 2026. Kwa mtu aliye kwenye asilimia 30, tofauti ya ushuru kwa mwaka huo ni kama shilingi 8,653. Si pesa za kumnyima mtu usingizi, lakini akiulizwa miaka mitatu baadaye kwa nini ritani na stetimenti havipatani, atatamani angeandika ndogo. Mwalimu alirudi benki kuomba cheti kipya chenye mistari miwili, iliyotozwa na iliyolipwa.

Afisa aliyempokea alikagua karatasi, akamwambia, "Lakini mwalimu, riba ndiyo hii, mfumo ndivyo unavyotoa."

"Sawa, dada yangu. Mfumo umetoa iliyotozwa. Naomba uniandikie na niliyoilipa."

Hakuna zaidi ya hapo. Sentensi hiyo moja, ukiwa umeshika stetimenti mkononi na mstari wa Desemba umeupigia alama, huwa inatosha.

Makosa mengine mawili hutokea mara nyingi. La kwanza, faini kuingizwa ndani ya riba: jumla ya cheti inazidi riba ya kwenye stetimenti kwa kiasi kilekile cha faini. La pili, cheti kutaja jumla ya malipo badala ya riba. Ungeona 480,000 kwa mtu aliyelipa miezi yote, na hilo unalitambua papo hapo kwa kuzidisha makato ya mwezi mara kumi na mbili. Cheti kikikupa nambari hiyo hiyo, si riba.

Kama ulihamisha mkopo katikati ya mwaka kutoka benki moja hadi nyingine, utahitaji vyeti viwili, kimoja kila benki, na kila moja itaingia kwenye ritani kwa mstari wake. Kile cha benki ya zamani kiombe mapema, kwa maana akaunti ikishafungwa hakuna afisa anayekufahamu tena.

Kinakokwenda

Kwanza kwa mwajiri. Mwenye kuandaa mishahara hawezi kujua mwezi wa Machi riba yako ya Machi itakuwa ngapi, kwa hiyo tunatumia makadirio kutokana na cheti cha mwaka uliopita, kisha tunarekebisha. Makadirio hayo hayavuki 30,000 kwa mwezi. Ukileta cheti Januari, mwaka mpya unaanza vizuri. Ukikaa nacho hadi Mei, utakuwa umekatwa ushuru zaidi kwa miezi minne.

Pokea P9 yako na utazame safu ya `Owner Occupied Interest`. Ikiwa ina nambari, mwajiri tayari amekuondolea, na kwenye iTax utaingiza riba ile ile kwa kuwa ritani inapiga hesabu upya tangu mwanzo. Hupati faida mara ya pili. Ikiwa safu ni tupu, faida yote itajitokeza kwenye ritani kama ushuru uliozidi, na utalazimika kuiombea marejesho. Marejesho yana foleni yake. Mimi ningechagua kuipata kupitia mshahara.

Cheti, stetimenti na P9 vihifadhi pamoja kwa miaka mitano angalau. Ndio muda ambao Sheria ya Taratibu za Ushuru inataka kumbukumbu zitunzwe. Piga picha au nakala za kompyuta pia. Karatasi za mashine za benki hufifia, hasa kwenye joto letu la pwani.

Ukiitaka kwa ajili ya benki nyingine

Kuna wanaoomba hati hizi si kwa KRA bali kwa sababu wanataka kuhamisha mkopo au kuomba mwingine. Kwa faili la namna hiyo cheti cha riba kina kazi ndogo. Benki mpya inataka kuona ulivyolipa, na hilo liko kwenye stetimenti ya akaunti ya mkopo. Ule mstari wa Desemba uliogonga mwamba watauona kabla hujakaa. Andika maelezo ya mistari miwili na ambatisha uthibitisho kwamba mshahara ndio uliochelewa.

Kitakachowachanganya ni salio. Cheti kinataja deni la tarehe 31 Desemba, nawe utadhani ndicho kiasi cha kulipa ili mkopo ufungwe. Sicho. Riba inaendelea kuhesabiwa kila siku: kwa deni la mwalimu la 2,884,332 kwa asilimia 12, ni kama shilingi 948 kwa siku. Huenda pia mkataba una ada ya kufunga mkopo kabla ya wakati. Kwa hiyo omba barua tofauti, ya kiasi kamili cha kufunga mkopo, itakayotaja tarehe ambayo kiasi hicho kinaisha nguvu na riba ya kila siku inayoongezeka baada yake. Usiiombe mapema sana. Barua iliyotoka Januari kwa mauziano yatakayokamilika Machi itabidi iandikwe upya, na huenda ukailipia tena.